Sadaka ya Ijumaa: kutoka sandukuni hadi benki siku hiyo hiyo

Kila kamati mpya ya msikiti ikiundwa hapa Amu, haupiti mwezi ila nitaulizwa maswali matatu yale yale. Ufunguo wa sanduku akae nao nani? Tukimlipa fundi kutoka kwenye sadaka kabla haijahesabiwa, kuna ubaya gani? Na mzee wetu aliyeshika pesa miaka yote hii tutamwambiaje kwamba sasa atahesabu na wenziwe, bila kumvunjia heshima?

Naanza na hilo la tatu, maana ndilo lililonitia kwenye kazi hii. Mzee aliyekuwa mweka hazina kabla yangu alibeba sadaka nyumbani kila Ijumaa, akahesabu peke yake usiku na kuandika jumla katika daftari. Paa la msikiti lilipoanza kuvuja na pesa za mabati hazikutosha, mitaani pakaanza mnong'ono. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuonyesha kwamba aliiba. Uchungu ni kwamba naye hakuwa na chochote cha kuonyesha kwamba hakuiba. Mimi naamini hakugusa hata shilingi, lakini imani yangu haikumsaidia, na alifariki jina lake likiwa bado mdomoni mwa watu. Kwa hiyo ukienda kwa mzee wako, mwambie hivi: "Babu, hatuhesabu wawili kwa kuwa tunakushuku. Tunahesabu wawili ili siku ukishukiwa uwe na shahidi." Wengi wanakubali hapo. Asiyekubali, msomee aya ya 282 ya Suratul Baqara, inayoamuru deni liandikwe na mashahidi wawekwe.

Mwongozo huu unahusu jambo moja tu: pesa taslimu ya sadaka ya Ijumaa, tangu sanduku linapotoka safuni hadi slipu ya benki inapobandikwa ubaoni. Ukumbuke kanuni moja, nayo ni hii: pesa iandikwe noti kwa noti kabla haijatoka chumbani, na noti zile zile ndizo zifike benki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Sanduku la mbao au chuma lenye komeo mbili, na kufuli mbili zisizofunguliwa na ufunguo mmoja. Meza moja isiyo na droo. Fomu za kuhesabia zenye nambari mfululizo zilizopigwa chapa, pamoja na karatasi za kaboni, ili kila fomu itoke nakala tatu. Kalamu za wino. Kikokotoo. Bahasha kubwa za kaki, vifuko vya plastiki vya sarafu, na gundi ya utepe iliyo wazi.

Watu: orodha ya waumini sita au wanane waliokubali kuhesabu kwa zamu, watatu kila Ijumaa. Wasiwe wa nyumba moja. Mtu na mkwewe, mtu na mwanawe, mtu na bosi wake dukani, hao wanahesabika kama mtu mmoja, kwa sababu mmoja hatamkatalia mwenziwe. Huu mji wetu ni mdogo na sote tuna udugu wa namna fulani, kwa hiyo usitafute wasiojuana. Tafuta wasiotegemeana.

Akaunti ya benki iwe kwa jina la msikiti, yenye watia sahihi watatu, na hundi isipite bila sahihi mbili kati yao. Kama bado mnatumia akaunti ya mtu binafsi, acheni kusoma hapa mkaifungue ya msikiti kwanza. Hatua zote zinazofuata hazina maana bila hiyo.

Hatua

1. Fungeni sanduku likiwa tupu, mbele ya watu. Kabla ya adhana ya Ijumaa, wawili wanaangalia ndani, wanatia kufuli mbili, na kila mmoja anaondoka na ufunguo wake. Ufunguo wa kwanza ukae kwa katibu, wa pili kwa mtu asiyekuwa kwenye kamati kabisa. Funguo za akiba msimpe imamu. Mnamtwika mzigo ambao siku moja utamgeukia. Zitieni kwenye bahasha iliyotiwa sahihi, iwekwe kwa mzee wa mtaa.

2. Litoeni safuni watu wawili. Ndoo au mfuko unaopitishwa kwenye safu nao umwagwe sandukuni hapo hapo kabla safu haijavunjika. Kama kuna upande wa wanawake, wao wawe na sanduku lao na watu wao wawili, na lije mezani likiwa limefungwa vile vile.

3. Hesabuni msikitini, mara tu baada ya sala. Sala ikiisha karibu saa saba na nusu, na benki nyingi zikifunga kaunta saa kumi, mna muda wa kutosha, lakini hamna muda wa kula kwanza. Chumba kiwe na mlango wazi. Mikono ya kanzu ikunjwe, mikoba ikae nje, na hakuna anayetoka hadi fomu itiwe sahihi. Anayelazimika kutoka, hesabu inasimama na pesa zinafunikwa hadi arudi.

   Kwanza pangeni, msihesabu. Noti za 1,000 peke yake, 500 peke yake, 200, 100, 50, zote zikitazama upande mmoja. Sarafu za 20, 10, 5 na 1 kila moja kwenye rundo lake. Zinyosheni noti zilizokunjwa kama karafuu, maana humo ndimo hujificha ya pili.

4. Mtu wa kwanza ahesabu, wa pili ahesabu upya, wa tatu aandike. Wa pili asisikie wala kuona alichopata wa kwanza. Hapa ndipo kamati nyingi zinapoharibu: wa kwanza anasema kwa sauti "hamsini na nane," na wa pili, akipata hamsini na saba, anajiona yeye ndiye aliyekosea na kusema "sawa." Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake, kisha mwandishi azilinganishe.

5. Jazeni fomu kwa aina ya noti, si kwa jumla peke yake. Idadi ya noti za kila aina, thamani yake, jumla ya noti, jumla ya sarafu, jumla kuu. Watatu watie sahihi kwa wino. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke, andika tarakimu iliyo sahihi pembeni, wote watatu watie herufi zao. Hakuna kufuta kwa wino mweupe. Fomu iliyoharibika isitupwe, iandikwe "imebatilishwa" na ibaki kwenye mfululizo wa nambari zake. Nakala moja iende na pesa, moja ikae na katibu, na ya tatu apewe yule asiyehesabu ambaye nitamtaja hatua ya nane.

6. Fungasheni. Noti ndani ya bahasha ya kaki, sarafu kwenye vifuko kwa aina. Wote watatu watie sahihi juu ya mkunjo wa bahasha, kisha utepe ulio wazi upite juu ya sahihi. Atakayefungua atachana wino.

7. Wawili wapeleke benki, siku hiyo hiyo. Wasiwe na ratiba inayojulikana mtaani. Njia ya pwani leo, njia kuu ya ndani Ijumaa ijayo. Jazeni slipu ya benki kwa aina ya noti, sawasawa na fomu. Wasiondoke kaunta bila slipu iliyogongwa muhuri.

8. Mtu wa nne alinganishe. Huyu hakuhesabu, hakubeba, wala si mtia sahihi wa hundi. Mwalimu wa hesabu anafaa sana. Kila Jumatatu anaweka fomu na slipu pamoja: tarehe, jumla, na idadi ya kila noti. Mwisho wa mwezi anapokea taarifa ya benki moja kwa moja, si kwa mkono wa mweka hazina, na kuhakikisha kila slipu imo.

9. Bandikeni slipu ubaoni kabla ya Ijumaa inayofuata, pamoja na jumla, idadi ya kila noti na nambari ya fomu. Aliyeweka noti ya elfu mwenyewe na kuona kwamba fomu haina elfu hata moja atakuja kuuliza. Mwacheni aulize.

Ijumaa moja, kwa tarakimu

Hebu tuione. Hesabu ya kwanza ilitoka hivi: noti za 1,000 ni 4, yaani 4,000. Za 500 ni 7, yaani 3,500. Za 200 ni 23, yaani 4,600. Za 100 ni 58, yaani 5,800. Za 50 ni 64, yaani 3,200. Jumla ya noti 21,100. Sarafu za 20 ni 71, yaani 1,420. Za 10 ni 96, yaani 960. Za 5 ni 83, yaani 415. Za shilingi moja ni 40. Jumla ya sarafu 2,835. Jumla kuu shilingi 23,935.

Karatasi ya mtu wa pili ikasema 23,755. Tofauti ni 180. Msianze kuhesabu upya yote. Gawanyeni tofauti kwa 9 kwanza. Ikigawanyika bila kubaki kitu, mara nyingi pesa ziko sawa, ila mtu amegeuza tarakimu alipoandika. Hapa 180 kwa 9 ni 20 kamili. Tukatafuta, na ikaonekana: yeye pia alipata sarafu 71 za ishirini, lakini badala ya 1,420 aliandika 1,240. Kosa la kalamu. Kama tofauti ingekuwa 100, isingegawanyika, na mahali pa kuangalia pangekuwa rundo la noti za mia, mbili zilizogandana kwa jasho. Rudieni rundo hilo peke yake.

Kwa nini nakazania aina ya noti

Ijumaa nyingine, mmoja wa wabebaji wetu alipata safari ya Mokowe. Mwenziwe akasema, "Hapana taabu, nitapeleka mwenyewe." Tukamruhusu, na kosa hilo lilikuwa letu sote. Slipu ilikuja na tarehe ya Jumatatu. Jumla ilikuwa sawa na fomu hadi shilingi ya mwisho, na kama tungekuwa tunaangalia jumla tu, tungeshukuru na kuendelea.

Mwalimu wetu akaweka karatasi mbili pamoja. Fomu ilisema noti za 1,000 ni 3 na za 500 ni 9. Slipu haikuwa na noti ya 1,000 hata moja, za 500 zilikuwa 3, na noti za 200 zilizidi za kwenye fomu kwa 30. Zipige: elfu tatu na mia tano sita zilizotoweka ni 6,000, na mia mbili thelathini zilizoongezeka ni 6,000. Pesa zilitoka zikarudi. Tulipomwita kwa utulivu, alikiri kwamba Ijumaa jioni alikosa mafuta ya boti, akachukua, na Jumapili akarudisha kwa nauli za abiria.

Haikupotea hata senti, na watu wengine waliona tunamsumbua bure. Mimi sioni hivyo. Wizi wa sadaka mara nyingi huanzia hapo, kwa kuazima kunakorudishwa. Wiki boti isipopata abiria, ya Ijumaa hii hurudishwa kwa ya Ijumaa ijayo, na kuanzia hapo slipu huchelewa kila mara kwa siku mbili tatu. Ukiona slipu zinazochelewa hivyo, usingoje jumla ipungue.

Makosa yanayojirudia

*Kukata juu kwa juu.* Fundi wa mabomba anangoja mlangoni, sanduku liko wazi, na mtu anasema mpe elfu mbili hapo hapo. Usikubali. Pesa iliyotoka kabla ya kuhesabiwa haimo kwenye fomu, haimo kwenye slipu, na kesho hakuna atakayekumbuka kama ilikuwa elfu mbili au tatu. Sadaka yote iende benki nzima. Malipo makubwa yatoke kwa hundi. Kwa madogo, sabuni, balbu, maji, wekeni fungu la mkononi, tuseme shilingi 5,000, lililotolewa benki kwa hundi. Likikaribia kuisha, risiti zijumlishwe na hundi ya kiasi kile kile cha risiti itolewe. Wakati wowote, risiti na pesa iliyobaki zikijumlishwa lazima zitoe 5,000.

*Kubadilisha sarafu dukani.* Wenye maduka wanazihitaji, na benki haifurahii kuhesabu vifuko vya sarafu Ijumaa alasiri. Inaruhusiwa, lakini mwenye duka aje chumbani, watatu wakiwapo, na fomu iandikwe: sarafu za shilingi 2,835 zimebadilishwa kwa noti, hizi na hizi. Naye atie sahihi. Vinginevyo kanuni ya noti zile zile imekufa.

*M-Pesa kwa simu ya mweka hazina.* Anaweza kuwa mwaminifu kuliko sote, lakini sadaka ikichanganyika na pesa yake ya chakula, hata yeye hataweza kuitenganisha. Akifariki, pesa hiyo inaingia kwenye mirathi. Tumieni nambari ya Paybill inayoingia akaunti ya msikiti, na mtu wa nne apate taarifa yake.

*Kuchanganya zaka na sadaka.* Zaka ina wenyewe waliotajwa, haijengi paa. Bahasha iliyoandikwa zaka iwe na fomu yake na bahasha yake tangu mezani.

*Wawili wale wale kila wiki.* Wakishazoeana sana, wawili wanakuwa mmoja. Badilisheni zamu, na mlinganishe. Kama makusanyo yanapanda kila fulani anapokosekana, au siku zake fomu haina noti kubwa, msimtuhumu. Mwekeni zamu na watu wengine mwezi mzima na mtazame tena.

Ikitokea hivi, fanya hivi

*Benki imefungwa, kwa mfano Idi imeangukia Ijumaa.* Hesabuni na kufungasha kama kawaida. Bahasha ilale kwenye kasha la chuma lililopigwa bolti ukutani, lenye kufuli mbili, si nyumbani kwa mtu. Siku ya kwanza ya kazi, wabebaji wakague utepe kabla ya kuondoka.

*Karani wa benki amepata pungufu.* Aombwe ahesabu tena mbele yenu. Akipata vile vile, slipu iandikwe alichopata yeye, na nyinyi mwandike tofauti kwenye fomu na kutia sahihi. Msitoe mfukoni kujazia, hata kama ni mia moja. Pengo lililojazwa halitafutwi tena.

*Noti mnayoishuku ni bandia.* Iandikwe kando, isirudishwe sokoni, ipelekwe benki. Wataizuia na hamtalipwa, basi msiihesabu kwenye jumla. Noti ya zamani ya 1,000, ile iliyoacha kutumika tarehe 30 Septemba 2019, nayo bado huibuka sandukuni. Haina thamani ya matumizi.

*Dola au yuro.* Wageni huweka. Andikeni aina na nambari ya noti, zitiwe bahasha ya peke yake, zibadilishwe benki. Asijitolee mtu kuzinunua kwa bei ya mtaani.

*Mtu amempa imamu pesa mkononi barabarani.* Hili sanduku haliwezi kuliona, na hakuna kufuli itakayolizuia. Mpeni imamu kitabu cha risiti chenye nambari, na tangazeni mimbarini kwamba asiyepewa risiti aombe. Ijumaa, kitabu na pesa zake vije mezani pamoja na sanduku.

*Mko wawili tu, wa tatu hakufika.* Iteni muumini yeyote aliyebaki msikitini, hata kijana wa madrasa anayejua hesabu, aandike. *Mko mmoja:* msifungue. Sanduku liingie kwenye kasha na kufuli zake zote hadi mwenzenu apatikane.